Shajara ya mradi: kupima mwinuko wa njia ya bomba kwa barometa ya simu, Usambara Magharibi

Tunachopima, na kosa tunaloweza kulivumilia

Mradi ni wa maji ya mserereko kwenye miteremko ya wilaya ya Lushoto: banio juu, tenki katikati, vituo vya kuchotea maji chini. Kabla ya kuagiza mabomba lazima tujue mwinuko wa kila sehemu, kwa sababu kila mita 10 za tofauti ya mwinuko huleta takribani bar 1 ya mgandamizo ndani ya bomba maji yanapokuwa yamesimama. Bomba la PN 6 limetengenezwa kubeba bar 6, yaani maji yenye kimo cha kama mita 60. Kosa la mita 2 au 3 linavumilika katika hatua hii. Kosa la mita 25 linaweza kupasua bomba.

Vifaa ni simu mbili zenye barometa, vipimajoto viwili vya kawaida, na daftari. Si kila simu ina barometa, na nyingi za bei ya chini hazina. Namna rahisi ya kujua ni kufungua programu ya phyphox na kutafuta kipimo cha mgandamizo: kama kihisi hakipo, programu yenyewe itakwambia. Phyphox pia inarekodi na kutoa faili la CSV, ndiyo maana tumeichagua.

Alama ya kuanzia

Tunahitaji mahali ambapo mwinuko wake unajulikana kwa uhakika. Bikoni za mipaka ya viwanja hazifai kwa kazi hii, kwani nyingi zina majira ya kaskazini na mashariki tu, hazina mwinuko. Alama inayofaa ni ile iliyo kwenye orodha ya serikali, ambayo kwa Tanzania hupatikana kwa Idara ya Upimaji na Ramani, au alama ya milimani iliyochorwa kama pembetatu kwenye ramani za Y742 za kipimo cha 1:50,000.

Anayeitafuta alama ya ramani hizo kwa GPS ajue jambo moja: ramani za zamani zimechorwa kwa mfumo wa majira wa Arc 1960, na simu inatumia WGS84. Ukiingiza majira ya ramani moja kwa moja kwenye simu utapelekwa kama mita 300 mbali na alama, hasa kwa upande wa kaskazini-kusini. Badilisha mfumo kwanza ndipo uende porini.

Alama yetu, tuiite A, ni pini ya chuma kwenye saruji, mita 1,392.6 juu ya usawa wa bahari. Mpimaji mwenye levo, chombo cha kupimia tofauti za mwinuko, alikuwa tayari amehamisha mwinuko kutoka hapo hadi kona ya msingi wa jengo lililo juu zaidi, mita 119.7 juu ya A. Hiyo tunaiita B. Kuwa na alama mbili zenye vimo tofauti ni muhimu sana, na sababu itaonekana mbele.

Simu ilivyosoma juu ya A

Simu ya kwanza, ikiwa imetulia juu ya pini, ilionyesha mgandamizo wa hektopaskali 861.6 (hPa), na programu ya mwinuko ikatafsiri hiyo kuwa mita 1,347. Pungufu kwa mita 46 hivi. Kihisi chenyewe hakina ubovu wa kiasi hicho. Programu nyingi hutumia kanuni ya hewa ya kawaida ya kimataifa, inayodhani kuwa usawa wa bahari una 1013.25 hPa na nyuzi 15 za Selsiasi. Hewa ya Usambara haijawahi kufuata dhana hiyo.

Watu wengi wakifika hapa hubonyeza kitufe cha kusawazisha, wakaandika 1,392.6, na kuondoka wakiamini kazi imekwisha. Kitufe hicho kinaondoa kosa la kuanzia peke yake. Yamebaki makosa mawili ambayo hakiyagusi: mgandamizo wa hewa unaobadilika saa baada ya saa, na joto linalobadilisha uzito wa hewa kati ya alama na mahali unapopima. Kila moja lina dawa yake.

Kosa la saa

Tuliiacha simu moja juu ya A kutwa nzima ikirekodi, bila kuguswa. Saa 4 asubuhi ilisoma 862.1 hPa. Saa 7 mchana 860.4. Saa 10 jioni 858.9. Hali ya hewa ilikuwa tulivu, hakuna mvua, hakuna upepo wa maana. Kwa mwinuko huu hektopaskali moja ni sawa na kama mita 10, kwa hiyo simu iliyokaa mahali pamoja "ilipanda" mita 32 kati ya asubuhi na jioni.

Hii ndiyo tabia ya angahewa ya ukanda wa tropiki. Jua linapopasha hewa ya juu, mgandamizo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kama bahari. Hujaa karibu na saa 4, asubuhi na usiku, na hupwa karibu na saa 10, jioni na alfajiri. Ulaya mawimbi haya ni madogo na yanafunikwa na mabadiliko makubwa ya hali ya hewa, ndiyo maana maelekezo mengi ya barometa yaliyoandikwa huko hayayataji. Huku kwetu karibu na ikweta ndilo badiliko kuu la siku, nalo linarudi kila siku.

Tazama linavyoweza kuharibu mradi. Tuseme tenki limepimwa asubuhi mara baada ya kusawazisha, likapata mita 1,579. Kituo cha kuchotea maji kilicho kwenye mita 1,504 kikapimwa kwa simu hiyohiyo saa 8 na nusu mchana. Kufikia muda huo mgandamizo juu ya A ulikuwa umeshuka kwa 2.68 hPa, yaani mita 27, kwa hiyo simu itakipa kituo mita 1,531. Kwenye karatasi tofauti inakuwa mita 48, na fundi ataagiza PN 6 kwa amani. Tofauti ya kweli ni mita 75, yaani zaidi ya bar 7. Bomba litavumilia mchana watu wanapochota, kisha linaweza kupasuka usiku koki zote zikifungwa.

Dawa ni simu mbili. Moja inabaki kwenye A, ndiyo simu ya kituoni, ikirekodi mfululizo. Ya pili inatembea. Kila kipimo cha simu inayotembea kinalinganishwa na kile simu ya kituoni ilichosoma dakika ileile. Saa za simu hizo zikitofautiana kwa dakika moja hakuna neno, kwani hata pale mgandamizo unaposhuka kwa kasi zaidi, dakika moja ni kama sentimita 10 tu. Kinachosumbua zaidi ni namna ya kuandika saa. Daftarini tunaandika saa ya simu kama inavyoonekana, 14:30, kwa sababu "saa 8 na nusu" ikikutana na faili la CSV, na ujumbe wa GPS nao ukiwa nyuma kwa saa 3, mtu hulinganisha vipimo visivyo vya wakati mmoja na hatajua.

Aliye na simu moja tu anaweza kufanya kazi kwa kurudi A kila baada ya muda na kugawa badiliko kwa mstari ulionyooka. Lakini mawimbi si mstari. Ukirudi baada ya saa moja, kosa la kunyoosha ni chini ya nusu mita. Baada ya saa mbili ni karibu mita 2, na baada ya saa tatu hufika mita 4. Kama njia ni ndefu, weka jiwe lenye rangi katikati, lipime vizuri kutoka A, kisha lifanye kuwa alama yako ya kurudia.

Kuzilinganisha simu

Simu mbili hazisomi sawa hata zikiwekwa bega kwa bega. Kihisi kama BMP280 cha Bosch kinaweza kupotoka kwa hPa 1 katika thamani yake kamili, ingawa kinafuata mabadiliko madogo kwa usahihi wa kama 0.12 hPa, takribani mita 1. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuachana zinakaa pamoja juu ya A kwa dakika 15, kivulini. Simu ya kituoni ilisoma 862.05, inayotembea 861.42. Basi kila kipimo cha inayotembea kinaongezwa 0.63. Zikirudi pamoja jioni tunalinganisha tena. Tofauti ikiwa imehama zaidi ya 0.1 hPa, vipimo vya siku hiyo tunavirudia.

Mambo yanayoihamisha ni machache, na yote yanaonekana. La kwanza ni joto la simu yenyewe: iliyotoka mfukoni au iliyokaa juani inahitaji dakika kadhaa kutulia. La pili ni mkono. Simu zisizoingiza maji zimezibwa, na ukizibana kioo na mgongo, hewa ya ndani inakandamizwa na namba inaruka papo hapo. Jaribu mwenyewe ukiangalia mchoro wa phyphox. Kwa hiyo simu inawekwa juu ya jiwe, haishikwi. La tatu ni kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la hewa, kiondoe. La nne ni upepo: upepo wa mita 5 kwa sekunde ukigonga tundu huongeza kama 0.12 hPa, na wa mita 10 kwa sekunde huongeza mara nne ya hiyo, ambayo ni mita 5 za mwinuko. Mgongo wa mtu unatosha kuukinga.

Simu ya kituoni iko ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, kivulini. Mfumo wa kuokoa betri wa Android huizima programu ikiwa nyuma ya pazia, kwa hiyo kioo kinaachwa kikiwaka kwa mwanga hafifu na simu imeunganishwa na betri ya akiba. Faili lililokatika saa 5 linamaanisha kuwa vipimo vyote vya baada ya hapo havina mwenzake.

Kosa la joto, na kazi ya alama B

Hapa ndipo alama ya pili inapofanya kazi yake. Tulipanda hadi B tukiwa na simu mbili na marekebisho yote ya juu. Programu ya mwinuko ilitoa tofauti ya mita 112.7. Levo ilikuwa imetoa 119.7. Mita 7 zimepotea, na hazitokani na saa wala na kihisi.

Hewa yenye joto imetanuka, kwa hiyo ni nyepesi. Inabidi upande zaidi ili mgandamizo ushuke kwa kiasi kilekile. Kanuni ya kimataifa inadhani kuwa kwenye mita 1,500 kuna nyuzi 5. Sisi tulikuwa na nyuzi 21. Tofauti hiyo inafupisha kila mpando kwa zaidi ya asilimia 5, na unyevu wa hewa unaongeza kidogo. Kosa hili halionekani kabisa ukiwa juu ya A, kwa sababu pale mpando ni sifuri. Linakua kadiri unavyopanda au kushuka. Mwenye alama moja hawezi kuligundua.

Tumeacha kutumia mwinuko wa programu, tunachukua mgandamizo tu na kukokotoa wenyewe kwenye lahajedwali:

```
=1392.6+29.27*(273.15+D2+2)*LN(B2/C2)
```

B2 ni mgandamizo wa kituoni, C2 ni wa simu inayotembea baada ya kuongezwa 0.63, na D2 ni wastani wa joto la hewa kati ya sehemu mbili. Ile 2 ni nyongeza ya unyevu, inayofaa kwa hewa ya milima yetu. Kwa kanuni hii B ilitoka mita 119.6 juu ya A. Sentimita 10 chini ya levo, na hilo tunalikubali.

Kipimo cha tenki kilikwenda hivi. Saa 5 na dakika 20 asubuhi (11:20) simu inayotembea ilisoma 842.66, pamoja na 0.63 ni 843.29. Kituoni wakati huohuo ilikuwa 861.62. Joto lilikuwa nyuzi 22 chini na 20 juu, wastani 21. Kanuni inatoa mpando wa mita 186.4, na mwinuko wa mita 1,579.0. Kwa namba hizohizo za mgandamizo, kanuni ya programu ingetoa mpando wa mita 175.5, karibu mita 11 pungufu.

Joto linapimwa kwa kipimajoto kilichoning'inizwa kivulini, usawa wa kifua, mbali na ukuta na bati. Joto linaloonyeshwa na simu ni la betri au la chipu, halifai. Ukikosea nyuzi 3 utakosea asilimia 1, ambayo kwa tenki letu ni karibu mita 2. Kwa hiyo hakuna haja ya kipimajoto cha bei kubwa. Kinachotakiwa ni kivuli cha kweli na subira ya dakika chache.

Na jambo dogo linalosahaulika: simu ya kituoni ikiwa kwenye sanduku sentimita 80 juu ya pini, ile ya pili nayo ipandishwe sentimita 80, au tofauti iandikwe.

GPS tunaitumia kwa nini

Juu ya A, programu ya GPSTest ilionyesha namba mbili za mwinuko zilizopishana kwa mita 21. Zote mbili zina maana. Setilaiti hupima kutoka kwenye umbo la duaradufu la WGS84, si kutoka usawa wa bahari, na Afrika Mashariki usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo. Kwa hiyo hapa namba ya duaradufu huwa ndogo kuliko mwinuko wa kweli, na katika GGA, mstari wa maandishi unaotolewa na kipokezi cha GPS, tofauti inaonekana wazi:

```
1391.2,M,-21.0,M
```

Namba ya kwanza ni mwinuko juu ya usawa wa bahari, ya pili ni tofauti ya duaradufu. Programu nyingi za Android zinaonyesha mwinuko wa duaradufu bila kusema, wakati iPhone hutoa wa usawa wa bahari. Kabla ya kuchanganya vipimo vya simu mbili za watu wawili, waonyeshe wote kilichosomwa juu ya A. Pengo la mita 20 hivi litakwambia nani anatumia kipi.

Hata baada ya kurekebishwa, GPS ya simu inayumba. Uwanja ukiwa wazi na ukikaa dakika 20 hadi 30, wastani hutulia ndani ya mita 5 hivi. Wastani wa dakika moja haukusaidii, kwa sababu kosa la setilaiti linabadilika polepole: vipimo 60 vya sekunde moja moja vinabeba kosa lilelile. Chini ya mikaratusi au kwenye korongo, inaruka mita 15 na zaidi. Kwa hiyo mwinuko wetu unatoka kwenye barometa, na GPS inatoa majira ya sehemu na kutukamatia makosa makubwa. Pale barometa na GPS zinapopishana zaidi ya mita 15 mahali pa wazi, karibu kila mara tumekuta mstari wa daftari umelinganishwa na saa isiyo yake.

Hali ya sasa

Banio, tenki na vituo vyote vimepimwa mara mbili, kwa siku tofauti, na tunachukua wastani pale vipimo viwili vinapopishana chini ya mita 2. Vituo viwili vilipishana kwa mita 4. Siku ya kipimo cha kwanza wingu la mvua lilikuwa limeingia, na mchoro wa kituoni unaonyesha mgandamizo ukiruka 1.3 hPa ndani ya robo saa. Mruko wa aina hiyo haufiki sehemu zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo simu mbili hazioni hewa ileile. Vipimo hivyo vimefutwa na vitarudiwa. Kuanzia sasa ngurumo zikisikika, kazi inasimama.

Kwa kushuka kwa mita 75 kati ya tenki na kituo cha chini, kosa letu la mita 2 halibadilishi uamuzi: ama bomba la PN 10 kwa sehemu ya chini, ama chemba ya kupunguza mgandamizo katikati. Kipande kinachobaki ni cha kutoka banio hadi tenki, ambapo njia ina umbali wa mita 600 na barometa inatoa mteremko wa mita 4. Nusu ya namba hiyo inaweza kuwa kosa la kipimo, na bomba lenye mteremko mdogo kiasi hicho halihitaji zaidi ya kigongo kimoja kisichoonekana ili hewa ikwame na maji yasimame. Kipande hicho hakipimwi kwa simu. Mpimaji ataanza na levo kutoka B.